Jinsi ya kuandika barua ya kuomba ridhaa ya wazazi kutumia alama za wanafunzi katika mradi wa darasa: mwongozo kamili

Walimu wenzangu hapa Mombasa huniletea barua hii wakiwa wamekwama mahali pale pale. Wametuma nakala arubaini na kitu, zikarudi kumi na tano, na kati ya hizo nyingine zina sahihi ambayo hata mtoto wa darasa la nne angejua si ya mzazi. Mwalimu anakata shauri kwamba wazazi hawajali. Nikiisoma barua yenyewe, naona haikumwambia mzazi ni alama zipi, nani atazitazama, na itakuwaje akikataa.

Mfano ninaoutumia ni wa mwalimu wa Hisabati wa Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa, mwenye wanafunzi 44. Anataka wanafunzi wajifunze takwimu kwa kuchambua alama zao halisi za Hisabati. Nimeuchagua mradi huu kwa sababu ndio mgumu kuliko yote: watakaotazama alama ni wanafunzi wenzake mtoto, wanaokaa naye dawati moja.

## Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Orodha ya darasa yenye tarehe za kuzaliwa, kwa sababu waliotimiza miaka 18 wana utaratibu wao.
- Kibali cha mkuu wa shule, kwa maandishi.
- Maelezo ya mradi yasiyozidi nusu ukurasa.
- Nakala mbili za barua kwa kila mzazi: moja abaki nayo, nyingine irudi.
- Bahasha, na sanduku lenye mfuniko la kuwekwa ofisini kwa karani.
- Daftari la kuandikia majibu, na salio la simu.

Kama mradi huu ni wa tasnifu yako ya chuo kikuu, simama hapa. Huo ni utafiti, unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako. Barua ninayoieleza haitoshi kwa kazi hiyo.

## Hatua ya 1: Amua ni alama zipi, kisha upunguze

Usiiguse barua kwanza. Chukua karatasi uandike rekodi zote unazotaka, kisha ukate kila isiyojibu swali la mradi.

Mwalimu wetu alianza na masomo yote manane, mitihani mitatu, jinsia, mtaa anakotoka mwanafunzi, na kama anavuka feri kuja shuleni. Swali lake lilikuwa moja tu: je, alama za Hisabati zilipanda au zilishuka kutoka mtihani wa katikati ya muhula hadi wa mwisho? Swali hilo linahitaji safu mbili za Hisabati, basi. Mtaa na feri havina kazi hapo, na darasa likiwa na wanafunzi watatu tu wanaotoka Likoni, neno "Likoni" linatosha kuwataja.

Sababu ya kupunguza ni hii. Wanafunzi hulinganisha karatasi pindi zinaporudishwa. Tuseme msichana mmoja anajua rafiki yake alipata 71 katika Hisabati. Ukimpa jedwali lisilo na majina lakini lenye masomo yote, atatafuta 71, atampata rafikiye, na kwenye mstari huo huo atasoma kwamba Kemia alipata 23, jambo ambalo rafiki hakumwambia mtu. Jina lilifutwa na mtoto amejulikana vile vile.

Kwa hiyo wape wanafunzi makundi ya alama, yaani 30 hadi 39, 40 hadi 49, na kuendelea. Kwa somo la takwimu hupotezi kitu, maana jedwali la marudio na histogramu hujengwa kwa makundi hayo hayo. Kundi likiwa na wanafunzi wachache mno, liunganishe na jirani yake. Mimi natumia kiwango cha watano: kama aliyepata zaidi ya 80 ni mmoja, kila mtu darasani anamjua, basi kundi la mwisho liwe "60 na zaidi".

Utajua hatua hii imekamilika ukiweza kutaja rekodi unazoomba kwa pumzi moja: "alama za Hisabati za mitihani miwili ya muhula huu, kwa makundi ya kumi kumi."

## Hatua ya 2: Pata kibali cha mkuu wa shule

Rekodi za mitihani ni za shule, na wewe unazishika kwa kazi ya kufundisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai zitumike kwa lengo lililotajwa. Kumfundisha na kumtahini mtoto ni lengo moja, kuzifanya alama zake kuwa zoezi la wenzake ni lengo jingine. Ndiyo maana hoja ya "mzazi alishasaini fomu ya kujiunga" haisimami, isipokuwa fomu hiyo ilitaja matumizi haya.

Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na kinataka matumizi yenyewe yawe kwa maslahi ya mtoto. Mkuu wa shule akisita, mweleze kwamba Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Zile zilikuwa picha, hizi ni alama, lakini kanuni ni ile ile.

Omba kibali chenye sahihi na mhuri, na nambari yake uitaje ndani ya barua kwa wazazi.

## Hatua ya 3: Andika barua yenyewe

Ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, na sentensi ya kwanza iondoe hofu.

Hofu ipi? Niliwahi kumpelekea barua nyanya mmoja anayelea wajukuu watatu. Alipoona nembo ya shule juu ya karatasi aliikunja papo hapo, akaitia kwenye kibeti chake, akaniambia, "Mwanangu, karo tutaileta mwisho wa mwezi." Hakuwa ameisoma. Kwa wazazi wengi, barua ya shule ni ya deni au ya utovu wa nidhamu, na hukunjwa kabla ya mstari wa pili. Tangu siku ile naanza kwa kusema barua si ya nini.

Hii hapa barua nzima. Badilisha yaliyo ya kwako.

> Kwa Mzazi/Mlezi wa ____________________, Kidato cha Tatu
>
> Tarehe: ______________
>
> KUH: OMBI LA KUTUMIA ALAMA ZA HISABATI ZA MWANAO KATIKA ZOEZI LA DARASA
>
> Salaam. Barua hii si ya karo, wala si ya kosa lolote. Naomba ruhusa yako, na una uhuru wa kukubali au kukataa.
>
> Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa mwanao. Muhula huu nataka darasa lijifunze takwimu kwa kuchambua alama zao wenyewe badala ya mifano ya kitabuni. Wataangalia kama alama za darasa zilipanda au zilishuka kati ya mtihani wa katikati ya muhula na ule wa mwisho.
>
> Nitakachotumia: alama za Hisabati za mitihani hiyo miwili pekee. Sitatumia alama za masomo mengine, tabia, karo, afya wala makazi.
>
> Watakaoona: mimi peke yangu ndiye nitakayeona alama pamoja na jina. Wanafunzi watapewa jedwali lisilo na majina wala nambari za usajili, lenye makundi ya alama (kwa mfano 40 hadi 49). Halitapelekwa nje ya darasa wala kuwekwa mtandaoni.
>
> Hatari iliyopo: darasa ni dogo, na mwanafunzi anaweza kujaribu kukisia alama za mwenzake. Nitachanganya mpangilio na kuunganisha makundi madogo ili kupunguza jambo hilo, lakini siwezi kuahidi kwamba haliwezekani kabisa.
>
> Ukikataa: mwanao atasoma somo hilo hilo na kufanya zoezi hilo hilo pamoja na wenzake, ila alama zake hazitakuwemo kwenye jedwali. Hakuna kitakachobadilika katika alama zake, ripoti yake, wala namna nitakavyomfundisha.
>
> Ukibadilisha nia: nijulishe mimi au karani wa shule wakati wowote, bila kutoa sababu, nami nitamwondoa. Orodha ya majina nitaiharibu siku ya mwisho ya muhula, na baada ya hapo haitawezekana kujua mstari upi ni wake.
>
> Mkuu wa shule ameidhinisha zoezi hili kwa barua nambari ______________. Ukiwa na swali, piga simu ya ofisi ya shule: ______________.
>
> Tafadhali rudisha jibu lako ndani ya bahasha kabla ya ______________. Nisipopata jibu, alama za mwanao sitazitumia.
>
> Wako mwaminifu,
> ____________________
> Mwalimu wa Hisabati

Aya ya hatari ndiyo walimu huniomba niifute, wakisema itawatisha wazazi. Iache. Ridhaa ya kisheria ni ile inayotolewa na mtu aliyeelezwa, na aliyefichwa ubaya hajaelezwa. Nimeona pia kwamba wazazi wengi wakifika kwenye aya hiyo ndipo huanza kuiamini barua.

Maneno ya kuepuka: "data", "utafiti", "uchanganuzi wa ufaulu", "kwa manufaa ya kitaaluma". Mzazi anayeshinda bandarini au anayeuza samaki Kongowea hatumii maneno hayo, na hana sababu ya kuyatumia. Sema "alama", "zoezi la darasa", "kuangalia kama zilipanda".

Ijaribu kabla ya kuichapisha. Mpe mtu asiye mwalimu, mlinzi wa lango au mama wa kantini, aisome mara moja, kisha umwulize: wanataka alama zipi, nani ataziona, na mtu akikataa inakuwaje? Akijibu yote matatu bila kuitazama karatasi tena, barua iko tayari.

## Hatua ya 4: Fomu ya jibu

Iweke chini ya barua au nyuma yake, ikiwa na visanduku viwili vinavyolingana ukubwa:

> ☐ Nakubali alama za Hisabati za mwanangu zitumike kama ilivyoelezwa.
> ☐ Sikubali.
>
> Jina la mzazi/mlezi: ______________ Uhusiano na mwanafunzi: ______________
> Sahihi au alama ya kidole gumba: ______________ Tarehe: ______________
>
> *Kwa mwanafunzi:* Nimeelezwa zoezi hili. ☐ Nami nakubali ☐ Mimi sikubali

Fomu nyingi ninazoletewa zina "Nakubali" peke yake. Hapo mzazi asiyetaka hana pa kuandika, huitupa, nawe hujui kama amekataa au barua haikufika. Mbaya zaidi ni sentensi ya "usipojibu tutachukua kuwa umekubali". Sheria inataka ridhaa iliyo wazi, yenye tendo la kuthibitisha, na jukumu la kuthibitisha kwamba ilitolewa liko juu ya shule. Kimya hakithibitishi kitu.

Mstari wa uhusiano una kazi yake pia. Katika nyumba zetu mtoto analelewa na shangazi, na mjomba, au na nyanya kwa sababu mama yuko Saudia kikazi. Anayesaini awe ndiye mlezi anayetambuliwa na shule. Angalia faili la mwanafunzi.

Mstari wa mwanafunzi nauongeza mimi kwa hiari yangu. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, mwache mtoto nje. Yeye ndiye atakayekaa katika darasa lile. Mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 hujisainia mwenyewe, kwa hiyo mwandalie nakala inayoanza kwa jina lake.

## Hatua ya 5: Ifikishe barua, na jibu lirudi bila kupitia mikononi mwako

Barua zinazotiwa ndani ya begi Ijumaa hupotea. Wanafunzi wana mambo yao ya wikendi, na wengine wana madrasa. Zigawe Jumatatu au Jumanne, kila moja kwenye bahasha yenye jina, na utoe siku saba. Ukiwa na mkutano wa wazazi karibu, zigawe hapo, maana ndipo watu huuliza. Usiwasainishe pale pale mbele ya wenzao, kwa sababu mzazi hatakataa mwalimu akiwa amesimama na kalamu.

Ukweli ni kwamba mzazi anajua wewe ndiye unayesahihisha karatasi za mwanawe. Hata ukiandika mara tatu kwamba kukataa hakuna madhara, atajiuliza. Dawa yake ni sanduku: bahasha zikiwa zimefungwa ziingie kwenye sanduku ofisini kwa karani, za kukubali na za kukataa pamoja. Karani ndiye anayezifungua siku ya mwisho na kukupa orodha ya waliokubali tu. Majina ya waliokataa na ya wasiojibu yanabaki kwake yakiwa kundi moja, wala usimwulize.

Kwa mzazi asiyesoma, au aliye mbali, karani apige simu na kuisoma barua neno kwa neno. Simu inaenda hivi:

"Mama, hii si ya karo. Ni ruhusa ya zoezi la Hisabati."

"Jina lake litatoka?"

"La, Mama. Jina halitaonekana, na ukikataa atasoma kama kawaida."

"Basi mwalimu na azitumie. Lakini asije akawasomea watoto nani wa mwisho."

Karani anaandika siku, saa, nambari iliyopigwa, na maneno ya jibu, kisha mzazi anatuma ujumbe mfupi wa kuthibitisha, ambao unatunzwa. Ujumbe kwenye kundi la wasapu la wazazi haufai kwa kazi hii. Mmoja akiandika "sikubali" wote wameona, na wengine watafuata kwa aibu upande wowote ule.

Kumbusha mara moja tu, kwa darasa zima, siku ya tano. Ukianza kuwafuata waliokimya mmoja mmoja, umeshawashinikiza.

Dalili ya mambo kwenda sawa ni kuwepo kwa majibu ya "Sikubali" machache ndani ya sanduku. Nikiona darasa zima limekubali, asilimia mia, huwa nazichungulia sahihi. Ukikuta mwandiko mmoja kwenye fomu tano, hizo zote hazihesabiki, na wazazi wapigiwe simu.

## Hatua ya 6: Andaa jedwali la wanafunzi

Wachukue waliokubali pekee. Kwenye faili lako, safu A iwe jina, B mtihani wa kwanza, C wa pili. Safu D ipe namba za kubahatisha, na E na F zitoe mwanzo wa kundi, mfano 63 iwe 60:

```
D2: =RAND()
E2: =FLOOR(B2,10)
F2: =FLOOR(C2,10)
```

Vuta chini hadi mwisho wa orodha, kisha panga upya mistari yote kwa safu D. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Ukiacha orodha kwa mpangilio wa nambari za usajili au wa nafasi mtihanini, mwanafunzi atahesabu mistari na kujikuta, kisha atampata jirani yake.

Baada ya hapo nakili E na F peke yake, ukibandika thamani bila fomula, kwenye faili jipya kabisa. Kuficha safu ya majina hakutoshi, maana mtu huifichua kwa kubofya mara mbili. Kwenye jedwali la mtandaoni, hata ulichokifuta hubaki katika historia ya faili. Lichapishe hilo jipya kwenye karatasi, uunganishe makundi madogo, na karatasi zirudi kwako mwisho wa kipindi.

Kuna mtego mmoja ambao hata walimu wa Hisabati tunausahau. Tuseme waliokubali ni 43 kati ya 44. Wastani wa darasa zima, uliobandikwa ubaoni, ni 41.5. Wewe unawaonyesha wastani wa jedwali lako, 41.0. Mwanafunzi mwerevu atazidisha: 44 mara 41.5 ni 1826, na 43 mara 41 ni 1763. Tofauti ni 63. Hiyo ndiyo alama ya yule aliyekataa, imetolewa hadharani na lile zoezi alilokataa kuwemo.

Kwa hiyo usiwape wastani kamili wa jedwali, waache waukadirie kwa kutumia katikati ya makundi. Na kama waliobaki nje ni mmoja au wawili, ondoa kwa kubahatisha wengine watatu kati ya waliokubali, ili asiyekuwemo asijulikane kwa kukosekana kwake.

## Hatua ya 7: Mzazi akijiondoa, na siku ya kuharibu

Faili lenye majina liwe na nywila, au liwe karatasi ndani ya kabati lenye kufuli. Mzazi akipiga simu katikati ya mradi, mtafute mwanawe kwenye faili hilo, futa mstari wake, chapisha jedwali upya, na uyakusanye ya zamani. Kazi iliyokwisha kufanyika kabla hajajiondoa haihesabiwi kuwa kosa, lakini usiendelee kuitumia. Usimwulize sababu.

Siku uliyoitaja kwenye barua ikifika, futa faili lenye majina, pamoja na nakala iliyo kwenye flashi na ile uliyojitumia kwa barua pepe, kisha uchane karatasi. Andika kwenye daftari tarehe na kilichoharibiwa, naibu mkuu wa shule atie sahihi pembeni. Alama zenyewe zinabaki katika kumbukumbu za kawaida za shule. Fomu za ridhaa usizichane pamoja na hizo: zikabidhi ofisini zikatunzwe, kwa sababu mzazi akiuliza mwaka ujao nani aliruhusu alama za mwanawe zitumike, karatasi hiyo ndiyo jibu pekee utakalokuwa nalo.